Zile elfu sitini zangu zimekwenda wapi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Kibada, Kigamboni. Nimehangaika karibu miaka miwili na vibarua vya hapa na pale, na mwezi uliopita ndipo nikapata ajira yangu ya kwanza yenye mkataba, ukarani wa ghala huko Kurasini. Mkataba umeandikwa mshahara laki sita. Siku ile ile nilimpigia mama yangu Singida nikamwambia kila mwezi nitamtumia laki moja kwa ajili ya shule ya mdogo wangu.

Mwisho wa mwezi nikapewa slipu ya mshahara. Juu 600,000, chini kabisa 516,000. Nilidhani wamechanganya na ya mtu mwingine. Katikati kuna PAYE 24,000 na NSSF 60,000. Kodi naielewa, hiyo ni serikali. Lakini hii elfu sitini?

Mhasibu aliniambia, "Hiyo ni ya uzeeni, bwana mdogo." Halafu akasema wapo wenzangu walioona haiwafai, wamesaini karatasi, kwenye vitabu wanasomeka vibarua. Kazi ni ile ile, ila hawakatwi NSSF. Kama nataka, nimwambie kabla ya tarehe 20.

Kuna mzee mmoja hapa ghalani, ana miaka 54, huniita mwanangu. Alinivuta pembeni wakati wa chai akaniambia nisisaini. Lakini yeye huyo huyo akanionyesha taarifa yake ya michango, ina shimo la miezi kumi na minne, wakati slipu zake zote zinaonyesha alikatwa. Nikamuuliza, kama wewe wamekufanyia hivi, mimi nikubali kwa nini? Akacheka tu. Na mimi nilipoangalia ya kwangu kwenye simu siku ya tatu baada ya mshahara, sifuri.

Mjomba wangu anasema hela za NSSF ni za kujengea madaraja. Mama bado sijamwambia. Laki yake nimeituma, lakini elfu arobaini nilimkopa rafiki.

Nisaini?

Karani, Kigamboni

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Kabla sijaanza kujibu barua nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha mishahara cha kiwanda kimoja, na slipu kama yako nimezikunja mpaka vidole vikaota sugu. Kwa hiyo niruhusu nianze na karatasi yenyewe, maana ina mambo mawili ambayo nadhani hakuna aliyekuonyesha.

La kwanza ni mpangilio wa makato. Mhasibu alianza na 600,000, akatoa 60,000 za NSSF, zikabaki 540,000. Kodi ameipiga kwenye hizo 540,000, si kwenye laki sita. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zile 20,000 zilizobaki juu yake zinatozwa asilimia 20, yaani 4,000. Jumla 24,000, ndiyo uliyoikuta. Sasa futa mstari wa NSSF. Kodi itapigwa kwenye laki sita nzima, na itakuwa 36,000. Utaondoka na 564,000. Unaona? Karatasi anayokupa usaini haikurudishii elfu sitini. Inakupa elfu arobaini na nane, na elfu kumi na mbili zinahamia kwenye kodi. Hayo ni kama kodi anaikata inavyotakiwa; kama haikati, basi hilo ni tatizo jingine na jina lililo kwenye vitabu ni lako.

La pili halionekani kabisa kwenye slipu nyingi. Mchango wa NSSF kwa mtu wa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Nusu nyingine anaitoa yeye, juu ya mshahara wako. Kwa hiyo kila wewe unapokatwa 60,000, ofisi inatakiwa kuongeza 60,000 zake na kupeleka 120,000 kwa jina lako. Hapo naomba ujiulize swali ambalo barua yako haikuuliza: huyu mhasibu anayekuhurumia, akikuhamishia kwenye vibarua, nani hasa anapunguziwa mzigo? Wewe unapata 48,000. Ofisi inabaki na 60,000 kila mwezi. Wakisaini watu kumi, ni laki sita, mshahara wa karani mwingine kama wewe. Sisemi ana nia mbaya, huenda hata yeye ametumwa. Nasema tu kwamba ushauri ule una faida pande mbili, na upande mmoja hukutajiwa.

Tuje kwenye ile sifuri. Mshahara ukilipwa, ofisi huandaa orodha ya wafanyakazi na kiasi cha kila mmoja, inapata namba ya malipo ya serikali, inalipa benki, ndipo fedha zinagawanywa kwenye namba ya uanachama ya kila mtu. Sheria inampa mwajiri muda wa mwezi mmoja baada ya mwezi husika kumalizika. Mchango wa mwezi wa tatu ukiingia tarehe 28 ya mwezi wa nne, bado hajachelewa. Wewe uliangalia siku ya tatu! Siku ya tatu hata mhasibu mwaminifu kuliko wote anakuwa bado anahangaika na orodha. Kwa hiyo sifuri yako kwa sasa haisemi lolote, si zuri wala baya. Ikibaki sifuri mwezi ule wa pili ukiisha, hapo ndipo inaanza kusema.

Shimo la yule mzee ni habari nyingine. Miezi kumi na minne si kuchelewa. Mwajiri anayekata na asipeleke ametenda kosa kisheria, anadaiwa michango pamoja na nyongeza ya adhabu, na Mfuko una mamlaka ya kumfikisha mahakamani. Ila angalia jambo moja ambalo nadhani umelipita haraka. Slipu ni maneno ya mwajiri tu. Inasema amekukata, haisemi amepeleka. Ndiyo maana zile slipu za mzee, ambazo wewe umeziona kama ushahidi wa kudhulumiwa, kwake yeye ni dhahabu: ndizo zinazothibitisha kwamba alikatwa miezi hiyo. Asingekuwa nazo angekuwa na shimo tupu na neno lake. Pengine ndiyo sababu alicheka ulipomuuliza. Anakuambia usisaini kwa sababu mtu aliye kwenye orodha na mwenye slipu ana cha kudai. Aliyesaini kwamba ni kibarua ataanza kwanza kwa kubishania kama aliwahi kuajiriwa. Lakini hayo ni makisio yangu. Muulize tena, safari hii mkiwa mmekaa, si wakati wa chai.

Na ukipata taarifa yako ya michango, usiridhike kwa kuona tu kwamba kuna kitu. Chukua slipu, tazama ulichokatwa, zidisha mara mbili. Taarifa inatakiwa ionyeshe 120,000 kwa mwezi huo. Ukikuta 60,000, ama wamepeleka nusu yako wakaiacha yao, ama wameandika kwa Mfuko kwamba unalipwa laki tatu. Huu mchezo wa pili niliuona kwa macho yangu. Watu walikuwa wanaona miezi yao yote imejaa, hakuna shimo hata moja, wakatulia miaka. Hawakujua kwamba mafao yao yalikuwa yanapikwa kwa nusu ya mshahara.

Tazama pia jina. Sajili yako inatakiwa ifanane na kitambulisho chako cha taifa herufi kwa herufi. Ally na Ali, Mohamedi na Mohamed, vimewasumbua wajane wengi dirishani kuliko wizi. Na namba ya uanachama ni moja ya maisha. Ukihama kazi usikubali mwajiri mpya akufungulie nyingine, mpe hiyo hiyo.

Sasa mjomba wako na madaraja yake. Hajakosea sana, mwambie. Daraja la Nyerere unalolipita kila asubuhi kuja Kurasini, lile lililofunguliwa mwaka 2016, NSSF ilitoa asilimia 60 ya gharama na serikali asilimia 40. Zile fedha wanazotozwa wenye magari na bajaji pale getini ndiyo njia ya kurudisha uwekezaji huo. Kwa hiyo nauli yako ina kipande kidogo kinachorudi kule kule kwenye elfu sitini yako, ukitaka kucheka au kulia, chagua mwenyewe. Fedha nyingine hukaa kwenye hati fungani za serikali, amana za benki na majengo. Hii si kwamba zimeliwa. Mfuko hauwezi kuziweka chini ya godoro miaka thelathini na saba zikusubiri. Swali halali ni kama uwekezaji ule unalipa, na hilo wanachama wana haki ya kuliuliza kwa sauti. Daraja kujengwa kwa michango, hilo lenyewe si kosa.

Lakini ukidhani zile 120,000 zimekaa mahali zina jina lako, zinazaa riba kama akaunti ya benki, hapo utakuwa umekosea, na ndipo hasira za wastaafu wengi zinapoanzia. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964 ulikuwa wa kuweka na kuchukua. NSSF iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ni kitu cha aina nyingine: unachonunua kila mwezi ni mwezi. Pensheni inapigwa kwa idadi ya miezi uliyochangia na mshahara wako wa miaka bora ya kuelekea kustaafu. Kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022 kinasema kila mwezi mmoja wa mchango ni sehemu moja ya 580 ya mshahara wako wa mwaka.

Tufanye kwa mshahara wako. Laki sita mara kumi na mbili ni 7,200,000. Gawa kwa 580, unapata takriban 12,400 kwa mwaka, kama shilingi 1,030 hivi kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya dukani, mwanangu. Mwezi huu umekatwa 60,000, ambazo kwa hesabu ya kodi tuliyofanya zimekugharimu 48,000 mkononi, na umenunua pensheni ya shilingi elfu moja na kidogo kila mwezi, kuanzia uzeeni mpaka kufa kwako. Ukichangia miezi 180 kwa mshahara huo huo usiopanda, ni kama 186,000 kwa mwezi, kabla ya kumega sehemu inayolipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu.

Ukiiangalia hivyo, elfu moja inaonekana kichekesho. Tena mwaka 2060 hiyo elfu itanunua nini? Wasiwasi huo una haki yake. Ila kuna kitu vijana huwa hawakioni: mwezi huu uliochangia ukiwa karani wa laki sita hautapigwa kwa laki sita. Utapigwa kwa mshahara utakaokuwa nao mwishoni. Ukistaafu ukiwa msimamizi wa milioni mbili, mwezi huu huu wa leo utahesabiwa kwa milioni mbili. Miezi ya ujanani ndiyo ya bei rahisi.

Na sasa upande wa pili, maana sitaki nikuuzie kitu. Pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi 180, yaani miaka kumi na mitano. Si lazima iwe mfululizo, lakini kwa sekta binafsi yenye mikataba ya mwaka mwaka, wako wengi wanaofika miaka 60 wakiwa na miezi tisini au mia moja na ishirini, na hao hulipwa mkupuo mmoja ambao mara nyingi huwavunja moyo. Kanuni nazo hubadilika. Desemba 2018 kikokotoo kilichopunguza mkupuo hadi asilimia 25 kilizua kelele mpaka Rais Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 kikaja hiki cha asilimia 33, na bado kimeguswa tena baadaye. Mtu wa miaka 23 anayesema "sina uhakika kanuni zitakuwaje nikiwa na miaka 60" hasemi ujinga.

Lakini hebu tuache uzee, tutazame mwaka ujao na unaofuata. Ukiwa na michango ya miezi 18 na ajira ikakatishwa bila wewe kuacha mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Kwako ni kama laki mbili kila mwezi. Umeniambia umehangaika karibu miaka miwili kabla ya kupata kazi hii. Fikiria laki mbili kwa miezi sita katika miaka ile zingekuwa nini. Ukioa, mke wako na watoto wana fao la urithi ikiwa utatangulia. Ghalani kuna foklifti na mizigo inayoanguka. Fidia ya kuumia kazini ni mfuko mwingine, WCF, ambao mwajiri pekee ndiye anayeuchangia na hautakiwi kuonekana kwenye makato yako, lakini nao huanza na swali lile lile: huyu ni mfanyakazi wenu, au nani?

Kuhusu karatasi yenyewe, jua kwamba uanachama si hiari ya watu wawili kukubaliana. Mwajiri na mwajiriwa hawawezi kusaini wakajitoa kwenye sheria. Mkaguzi wa Mfuko akifika, anaangalia kazi inayofanyika, na jina lililowekwa vitabuni halimfungi. Wale wenzako waliosaini hawakujitoa. Wamewekwa tu pembeni mpaka siku itakapogundulika, na siku hiyo huenda wakawa wameshahama na hawana slipu wala mkataba wa kuonyesha.

Hata hivyo, kutosaini nako kuna hatari, na usingoje uambiwe na mtu mwingine. Uko mwezi wa kwanza. Sheria ya ajira haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajamaliza miezi sita na mwajiri huyo. Kijana mpya akiingia ofisini kwa mhasibu na kuuliza kwa ukali "michango ya mzee iko wapi," anaweza kuambiwa majaribio hayakwenda vizuri, na akawa hana pa kushika. Kwa hiyo kama moyo unakuelekeza kutosaini, zipo namna za kufanya hivyo bila kelele. Unaweza kumjibu mhasibu kwa adabu kwamba kwa sasa unaona ubaki ulivyo, basi, bila kugusa habari ya mzee. Suala la shimo ni la mzee mwenyewe kulipeleka, au la wengi kwa pamoja, au la chama cha wafanyakazi kama mnacho. Mzee anaweza kwenda na slipu zake ofisi ya NSSF na kuonana na afisa matekelezo. Ukaguzi ukija hufunguliwa vitabu vya ofisi nzima, si vya mtu mmoja. Nisikudanganye lakini: mahali penye watu kumi na watano, mwenye ofisi hubahatisha nani kasema, na mara nyingi hapatii. Mzee ana miaka 54. Kwake miezi kumi na minne ni kitu kikubwa na muda ni mfupi. Kwako ni tofauti. Msipime kwa kipimo kimoja.

Na kama unaegemea kusaini kwa sababu ya njaa ya mwezi huu, siwezi kukucheka. Nimeona watu wazima na akili zao wakisaini. Ila kwanza tazama kama elfu arobaini na nane ndizo zinazokutoa. Ulimwahidi mama laki moja ukiwa na laki sita kichwani. Fungu ulilokuwa nalo kweli ni 516,000, na hilo halikuwa kosa lako, hakuna aliyekufundisha kusoma mkataba. Ukisaini utakuwa na 564,000, na bado utakuwa umepungukiwa 36,000 kwenye ile hesabu ya mwanzo. Kwa hiyo mazungumzo na mama yako yapo palepale, uwe umesaini au hujasaini.

Kwa nini hujamwambia? Barua yako imepita hapo kwa sentensi moja fupi, na mimi ndiyo iliyonikaa. Unahofia atafikiri umeanza kuficha hela? Au unaona aibu kwamba kazi yenye mkataba imekuletea chini ya ulivyojigamba? Akina mama wengi wa Singida ninaowajua mimi wanajua debe la mahindi likitoka shambani haliingii lote ghalani. Kuna la mbegu. Mpigie, msomee slipu mstari kwa mstari kama nilivyokusomea mimi. Huenda akasema tuma themanini. Huenda akasema laki ni lazima muhula huu, kisha mpunguze. Deni la rafiki nalo lingeingia kwenye mazungumzo hayo, kabla halijaota lingine mwezi ujao.

Tarehe 20 ni ya mhasibu, si ya sheria. Ukimwomba akupe nakala ya hiyo karatasi uisome nyumbani, utajua mengi kwa namna atakavyokujibu tu. Kama ni karatasi safi, itatoka. Slipu ya kwanza iweke pamoja na mkataba, si mfukoni mwa suruali. Ipige na picha. Mwezi wa pili ukiisha, angalia tena kwenye simu au pita dirishani kwao na kitambulisho chako, ulinganishe na ile mara mbili niliyokuambia.

Kisha niandikie. Nataka kujua mzee alikujibu nini mlipokaa, na kama jina lako wameliandika sawasawa.